Herufi moja ya kodoni ya sita: mutesheni nne zinavyobadilisha protini, hatua kwa hatua

Mwaka jana nilipeleka noti zangu steshenari moja hapa mjini wanichapie, ukurasa mmoja tu, mwanzo wa jeni ya beta globini ili vijana wangu wa tuisheni waisome herufi kwa herufi. Jamaa akachapa fasta, nikagawa karatasi bila kukagua. Wiki iliyofuata nasahihisha, naona darasa zima wamefika herufi fulani wakaandika STOPU halafu wakaacha, na hapo nilikuwa nategemea waendelee hadi mwisho wa mstari. Nikawaka, nikajua wamenakiliana. Kumbe pale kwenye msongamano wa GAGGAGAAG mchapaji alidondosha herufi moja, basi vijana wangu wakawa wamesoma fremshifti, yaani mpangilio wa tatu tatu uliohama, kwa usahihi kabisa bila kujua, na mimi mwalimu wao ndiye niliyekuwa nimekosea.

Tangu hapo nafundisha mutesheni zote nne, yaani kimya, misensi, nonsensi na fremshifti, kwa kutumia sehemu hiyo hiyo moja. Sihamihami kwenye mifano kumi. Tunakaa kodoni ya sita ya beta globini, tunaichezea, tunaona protini inakuwaje. Kwa sisi wa kanda ya ziwa hiyo kodoni siyo ngeni, ndiyo inayoleta selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyosema, na kuna familia nyingi huku zinaujua huo ugonjwa kwa kuishi nao siyo kwa kusoma.

Hatua ya kwanza: andika ya kawaida kwanza, uigawe tatu tatu

Usiguse mutesheni kabla hujaandika ile isiyo na tatizo. Tafuta ATG, hapo ndipo ribosomu inaanzia, kisha gawa herufi tatu tatu, kila tatu ni kodoni moja na kila kodoni inaita asidi amino moja. Hii hapa ni ya kweli, ndiyo iliyomo mwilini mwako:

```
ATG GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG AAG TCT GCC GTT
ACT GCC CTG TGG GGC AAG GTG AAC GTG GAT GAA GTT
```

(Natumia T ya DNA. Kwenye ujumbe wenyewe, yaani mRNA, ni U, ila ukisoma jedwali la kodoni unabadilisha kichwani tu, usijichoshe kuandika mara mbili.)

Soma: methionini, valini, histidini, lusini, threonini, prolini, glutamiki, glutamiki, lisini... na inaendelea hivyo mpaka kodoni ya stopu mbali huko mbele. Ile methionini ya mwanzo hukatwa, unabaki mnyororo wa asidi amino 146. Minyororo miwili ya beta ikiungana na miwili ya alfa ndiyo unapata hemoglobini moja inayobeba oksijeni.

Hapa kuna mtego unaowaangusha watu wengi, hata wa chuo. Nikisema kodoni ya sita nahesabu bila ile ATG, ndivyo wazee wa hemoglobini walivyohesabu tangu zamani kwa sababu walikuwa wanaangalia protini iliyokamilika. Uandishi wa kisasa unahesabu na ATG, kwahiyo GAG ile ile inaitwa ya saba. Ukiona karatasi moja imeandika 6 na nyingine 7 usidhani ni mutesheni mbili, ni kitu kimoja.

Hatua ya pili: kabla hujatoa jina, uliza urefu umebadilika au la

Swali la kwanza siyo "asidi amino gani", ni "je idadi ya herufi ni ile ile?" Kama herufi imebadilishwa na nyingine, urefu uko palepale, basi unabaki na kimya, misensi au nonsensi. Kama herufi imeongezeka au imepungua, hesabu ni ngapi. Zikiwa moja, mbili, nne, tano, hiyo ni fremshifti. Zikiwa tatu au sita, mpangilio haujavunjika, asidi amino moja au mbili zimeondoka au zimeingia na nyingine zote ziko kwenye nafasi zake. Vijana wengi wakiona herufi zimefutwa tu wanakimbilia kuandika fremshifti, hapo wanapoteza maksi za bure.

Sasa tuchukue GAG yetu ya sita tuifanyie zote nne:

```
kawaida     CCT GAG GAG AAG ...
kimya       CCT GAA GAG AAG ...
misensi     CCT GTG GAG AAG ...
nonsensi    CCT TAG
fremshifti  CCT GGG AGA AGT CTG CCG TTA CTG CCC TGT GGG GCA AGG TGA
```

Angalia vizuri misensi na fremshifti hapo juu. Herufi iliyoguswa ni moja, ile A ya katikati ya GAG. Ukiibadilisha kuwa T unapata selimundu. Ukiifuta unapata ugonjwa mwingine kabisa, talasemia ya beta, yaani beta globini inatoka kidogo au haitoki kabisa. Herufi ile ile, nafasi ile ile.

Kimya

GAG na GAA zote zinaita glutamiki, kwahiyo protini inatoka ile ile bila tofauti yoyote. Sababu ni kwamba kodoni ziko 64, tatu ni stopu, zinabaki 61 za kuita asidi amino 20 tu, ndiyo maana nyingi zina zaidi ya kodoni moja, na mara nyingi zinatofautiana herufi ya tatu. Mfano ambao watu wanatembea nao kweli uko kodoni ya pili ya jeni hii hii: wengine wana CAT, wengine CAC, zote histidini, na wote damu yao iko poa.

Ningeishia hapo kama vitabu vingi vinavyofanya ila siwezi, maana kwenye jeni hii hii kuna mutesheni "ya kimya" inayoumiza. Kodoni ya 24 ni GGT, ikibadilika kuwa GGA bado ni glisini, kwa jedwali ni kimya safi. Lakini mwenye nayo anapata talasemia ya beta isiyo kali sana. Kwanini? Kwa sababu ujumbe wa jeni hautumiki jinsi unavyotoka, una vipande vya kati ambavyo seli inavikata na kutupa kisha inaunganisha vinavyobaki, na mashine ya kukata inatambua mahali pa kukata kwa kusoma herufi zilizopo. Ile A mpya inafanya eneo la jirani lifanane na mahali pa kukata. Basi sehemu ya ujumbe inakatwa pasipo pake na kuharibika, nyingine inakatwa sawa, beta globini inatoka nzima ila kidogo. Kwahiyo jedwali la kodoni linakwambia asidi amino tu. Habari za ukataji halizijui.

Misensi

GTG ni valini. Mnyororo unatoka na urefu wake wote wa 146, asidi amino 145 ni zile zile, moja tu imebadilika. Swali la kujiuliza kwenye misensi ni la tabia: aliyetoka alikuwa wa namna gani na aliyeingia ni wa namna gani?

Glutamiki ina chaji hasi na inapenda maji. Valini haina chaji na inakwepa maji kama mafuta. Na hii nafasi ya sita iko juu, upande wa nje wa hemoglobini. Sasa hemoglobini ikishaachia oksijeni umbo lake linabadilika kidogo, panafunguka kijishimo kwenye mnyororo wa beta, na ile valini ya hemoglobini ya jirani inaingia humo inajificha maji. Ya jirani nayo inashikwa na nyingine, na nyingine, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu ndani ya seli nyekundu, seli inavutwa inakuwa kama mundu. Inapita kwa shida kwenye mishipa midogo, ndiyo yale maumivu ya mifupa.

Ona kwamba hemoglobini hii, HbS, bado inabeba oksijeni vizuri. Kazi yake ya kubeba haijaharibika, kilichoongezeka ni tabia mpya mbaya ya kushikana. Hili nalirudia sana darasani kwa sababu wanafunzi wanaandika "protini haifanyi kazi" kwa kila mutesheni.

Na siyo kila misensi hapo inafanya vile vile. G ya kwanza ikibadilika kuwa A unapata AAG, lisini, hiyo ndiyo HbC inayojulikana zaidi Afrika Magharibi. Lisini ina chaji chanya na inapenda maji, haiingii kwenye kile kijishimo. Mwenye HbC mbili anaumwa ila kwa wepesi ukilinganisha na SS, yaani mwenye HbS mbili. Kodoni ile ile, misensi zote mbili, magonjwa mawili tofauti.

Hiyo tofauti ya chaji ndiyo iliyofichua siri yote. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa wa selimundu inatembea tofauti ikiwekwa kwenye umeme, halafu mwaka 1957 Vernon Ingram akaonyesha kwamba glutamiki moja imebadilishwa na valini. Kipimo cha elektroforesisi anachofanyiwa mtoto leo kinasimama juu ya hesabu hiyo hiyo ya chaji.

Nonsensi

Badilisha G ya kwanza iwe T, unapata TAG, stopu. Ribosomu imeshaunganisha valini, histidini, lusini, threonini, prolini, inafika TAG inashuka. Asidi amino tano badala ya 146, hicho siyo protini, ni makombo.

Ila hapa sasa ndipo penye utamu, kwa sababu kwenye nonsensi swali kubwa ni stopu imetokea wapi. Tuhame kidogo kodoni ya sita. Kodoni ya 39 ni CAG, ikiwa TAG ni nonsensi maarufu sana kisiwa cha Sadinia huko Italia. Ungetegemea kukuta vipande vya asidi amino 38 vimejaa kwenye seli. Havipo. Seli ina ukaguzi wake: ujumbe ukishaunganishwa baada ya kukatwa, kila kiungo kinabaki na alama. Ribosomu ya kwanza ikipita inazing'oa alama moja moja. Ikisimama kwenye stopu wakati mbele bado kuna alama, seli inajua hii stopu siyo ya kweli na ujumbe wote unasagwa. Kwahiyo ujumbe wenyewe unapungua sana na protini haitoki.

Sasa linganisha na kodoni ya 121, GAA ikiwa TAA. Hiyo iko kwenye kipande cha mwisho cha jeni, mbele yake hakuna kiungo, hakuna alama, mkaguzi anaipitisha. Unapata mnyororo wa asidi amino 120, mrefu wa kutosha kuzalishwa kwa wingi lakini haukunji vizuri, unaganda ndani ya seli changa za damu na kuziua. Matokeo yake mtu mwenye nakala moja tu mbovu anaumwa, wakati mwenye ile ya 39 nakala moja yuko mtaani anauza samaki zake mwaloni Kirumba bila kujua chochote. Yaani stopu inayokata kidogo imeumiza kuliko inayokata kingi. Mara ya kwanza nasoma hii nilirudia aya mara tatu.

(Stopu za mapema sana, kama ile yetu ya kodoni ya sita, zinaweza kuponyoka ule ukaguzi kwa kuwa ziko karibu mno na mwanzo. Haisaidii kitu, maana kinachotoka ni asidi amino tano.)

Fremshifti

Fikiria foleni ya kivuko cha Kamanga, watu wanapandishwa watatu watatu. Mmoja katikati akaamua kurudi nyumbani. Kundi lake linachukua mtu wa nyuma, na la nyuma linachukua wa nyuma yake, hadi mwisho wa foleni hakuna kundi lililobaki na watu wake.

Futa ile A. Usirekebishe macho yako, usiache nafasi tupu, vuta herufi zote mbele kisha gawa upya tatu tatu. Hapa ndipo makosa yanapotokea, mtu anaandika G-G anaacha pengo halafu anaendelea na GAG AAG kama kawaida. Ribosomu haijui pengo. Inasoma GGG glisini, AGA arjinini, AGT serini, CTG lusini, CCG prolini, TTA lusini, CTG lusini, CCC prolini, TGT sisteini, GGG glisini, GCA alanini, AGG arjinini, halafu TGA, stopu.

Kwahiyo una asidi amino tano za halali, kumi na mbili za hovyo, kisha mwisho. Ile TGA ilikuwepo siku zote, angalia mstari wa kawaida kwenye AAG GTG AAC, TGA imelala katikati ya GTG na AAC, ila hakuna aliyekuwa anaisoma kwa mpangilio huo. Kodoni tatu kati ya 64 ni stopu, ndiyo maana ukisoma kwa mpangilio usio sahihi hukawii kugonga moja. Na ndiyo maana fremshifti nyingi mwisho wa siku zinafanana na nonsensi: hakuna protini ya maana. Ila fremshifti ikitokea mwishoni kabisa mwa jeni inaweza hata kuikosa stopu halali na kurefusha mnyororo, kwahiyo usiandike "inafupisha" kabla hujasoma hadi stopu.

Kesi ya kufanyia kazi

Nilitunga hii kwa ajili ya darasa lakini ndani yake hakuna kisichotokea. Mama wa Igoma ni AS, yaani ana nakala moja ya kawaida, A, na moja ya selimundu, S. Baba alipimwa kile kipimo cha haraka cha selimundu, akaambiwa hana. Mtoto ana miaka mitatu, anaumwa vidole na mifupa, elektroforesisi inaonyesha S na F, ile hemoglobini ya utotoni, hakuna A kabisa. Anaambiwa ni SS. Nyumbani kunawaka moto, shangazi anasema wazi, mtoto si wa huyu baba, maana SS lazima atoe S kwa wote wawili.

Tumia hatua zetu. Elektroforesisi inaona protini, haioni jeni. Kuona S bila A kunamaanisha kitu kimoja tu: hakuna nakala inayotoa beta ya kawaida. Hilo linaweza kutokea kwa S mbili, au kwa S moja na nakala nyingine isiyotoa kitu, mfano yenye nonsensi au fremshifti. Nakala isiyotoa kitu haiachi mstari wowote kwenye kipimo. Baba mwenye nakala hiyo moja anaonekana ana A tupu, na kipimo chake cha selimundu ni hasi kwa haki kabisa kwa sababu S hana.

Anaangaliwa nini? Hesabu ya damu ya baba: seli nyekundu ndogo kuliko kawaida, na hemoglobini A2, aina ambayo kila mtu anayo kidogo, imepanda juu ya asilimia 3.5. Kwa mtoto seli ndogo na A2 ya juu zinaelekeza huko huko, ila usihukumu kwa mtoto peke yake, kwa sababu mwenye SS akiwa pia na talasemia ya alfa, ambayo kwetu Afrika ni ya kawaida, anaweza kuonyesha picha inayofanana. Na kwa huku kwetu SS ya kweli ndiyo inayokutwa zaidi, kwahiyo hii ni ya kuchunguza pale wazazi wasipolingana.

Sasa mtu wa maabara anaamua kutumia kimeng'enya DdeI kinachokata DNA penye `CTNAG`, hiyo N ni herufi yoyote. Kawaida pale pana `CTGAG`, kinakata. Selimundu ni `CTGTG`, hakikati. Anapima baba, nakala moja haikatiki, anaandika AS! Lakini A ikifutwa pale inabaki `CTGGG`, nayo haikatiki. Hata mutesheni yetu ya kimya, `CTGAA`, isingekatika na mtu ni mzima kabisa. Wakati HbC, `CTAAG`, inakatika vizuri tu kama hakuna tatizo. Kimeng'enya kinasoma herufi zake tano basi, habari za asidi amino hakina.

Kinachomaliza ubishi ni kusoma mfuatano wenyewe, mashine inachora grafu yenye kilele kimoja kwa kila herufi. Kwa mama grafu inatoka safi, isipokuwa sehemu moja tu penye vilele viwili vilivyopandana, A na T, halafu inarudi kuwa safi. Kwa baba grafu iko safi hadi `CCTG`, na baada ya hapo karibu kila herufi vilele viwili viwili hadi mwisho, kwa sababu nakala zake mbili zimepishana hatua moja na hazikutani tena. Mtoto naye vilele vinaanza kuvurugika palepale kwa baba, na nakala yake nyingine ina T ya mama.